Kuomba Ruhusa Kabla ya Kutoa Namba ya Simu ya Mwanachama
(Maneno yaliyosemwa mbele ya makatibu wa vyama vya msingi katika semina ya utunzaji wa daftari)



Nimepewa dakika chache niseme juu ya jambo ambalo huenda likaonekana dogo likilinganishwa na bei ya korosho au deni la salfa. Jambo lenyewe ni hili: mtu anapomwendea katibu akamwomba namba ya simu ya mwanachama, katibu afanye nini? Wengi wetu hufungua daftari, tukasoma tarakimu kumi, tukaendelea na kazi. Leo ningependa kuonyesha kwa nini haifai kufanya hivyo, na kisha kueleza kwa hatua jinsi ya kuandika ujumbe wa kuomba ruhusa.

Ndugu zangu, wazee miongoni mwetu watakumbuka zamani barua za kijiji kizima zilipopitia sanduku la posta la chama. Katibu alizichukua mjini Newala au Masasi, akazileta, na kila mtu akapewa yake. Barua ilipita mikononi mwa katibu, lakini haikuwa yake, na hakuna aliyeona ni haki katibu aifungue au ampe mtu mwingine. Namba ya simu iliyomo katika daftari letu ina hali hiyo hiyo. Mwanachama aliiandikisha ili chama kimpate kwa habari za pembejeo, mikutano na malipo. Hakuiandikisha ili chama kiigawe.

Sheria ya nchi nayo imelisema jambo hili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inahesabu namba ya simu ya mtu kuwa ni taarifa yake. Kwa kawaida, taarifa iliyochukuliwa kwa kusudi moja haipewi mtu wa nje kwa kusudi jingine bila ridhaa ya mwenyewe, na hata akisha kuridhia ana haki ya kuiondoa ridhaa hiyo. Lakini mimi sikuja kuwatisha kwa sheria. Nimekuja na visa viwili.

Kisa cha kwanza kilitokea katika msimu wa minada. Kila mmoja wetu anajua hali ilivyo wakati huo: korosho ziko ghalani, mnada umepita, watu wanangoja fedha ziingie benki, na simu ya katibu haitulii. Mtu mmoja alimpigia katibu akajitambulisha kuwa ni mtumishi anayeshughulika na malipo. Alisema kuwa akaunti ya mwanachama fulani ina kasoro, kwa hiyo anaomba namba yake amsaidie mara moja. Katibu, kwa moyo wa kumtumikia mwanachama wake, akampa namba. Akaongeza na kilo alizopeleka mwanachama huyo, ili mambo yaende upesi.

Baada ya nusu saa mwanachama yule akapigiwa simu. Mpigaji alimwita kwa jina lake, akakitaja chama chake, akataja kilo zake bila kukosea. Mwanachama akajiuliza, ni nani anayeweza kuyajua haya yote kama si mtu wa chama au wa benki? Alipoombwa namba yake ya siri akaitaja, na fedha zikaondoka.

Naomba tuliangalie jambo hili kwa makini. Mwizi hakuvunja mlango wowote. Alipewa namba pamoja na habari zilizomfanya aaminike, na vyote viwili vilitoka katika daftari la chama. Sasa fikirini, kama katibu yule angalikata simu kwanza akamwandikia mwanachama: "Kuna mtu anasema akaunti yako ina kasoro, anataka namba yako, je nimpe?" mwanachama angalijibu: "Nilitoa fedha jana, akaunti yangu haina kasoro yoyote." Udanganyifu ungalifia hapo. Kwa hiyo kuomba ruhusa kuna faida mbili. Kunatimiza adabu, na pia kunapima ukweli wa maneno ya yule anayeomba, maana mwenye namba anajua mambo yake ambayo katibu hawezi kuyajua.

Sasa nije kwenye kisa cha pili, ambacho ni cha kheri na ndicho chenye mafunzo mengi.

Mwezi Novemba mwanachama wa chama kimoja cha Masasi alikutana na katibu wa chama cha huku juu Newala. Alikuwa ametayarisha ekari mbili za kupanda mikorosho mipya mvua zitakapokolea. Kwa nafasi ya mita 12 kwa mita 12 alihitaji miche 56. Alikuwa amesikia kwamba huku Newala yuko mama mmoja hodari wa kubebesha miche, akaomba namba yake. Katibu aliwajua wote wawili. Mwombaji ni mtu mwema, na shauri lake lilikuwa la faida kwa mama yule. Ni rahisi mtu kusema hapa hapana haja ya kuomba ruhusa.

Lakini katibu alilijua jambo moja ambalo mwombaji hakulijua. Mama yule hana simu. Namba iliyoandikwa mbele ya jina lake daftarini ni ya mwanawe, anayefanya kazi sokoni Newala mjini na kurudi nyumbani jioni. Ndugu makatibu, mkifungua daftari zenu mtaona kuwa mambo kama haya ni mengi. Namba ya mke ni ya mume, namba ya bibi ni ya mjukuu, na namba ya mzee ni ya jirani mwenye duka. Katika hali hiyo ruhusa zinakuwa mbili. Mama ndiye mwenye kuamua kama anataka kutafutwa na mgeni yule. Mwana ndiye mwenye kuamua kama simu yake itumike kwa shughuli hiyo, kwa kuwa ndiye atakayepigiwa akiwa kazini na ndiye atakayebeba maneno huku na huko. Ruhusa ya mmoja haitoshi badala ya ya mwenziwe.

Katibu yule alianza kwa mwombaji. Alimwuliza mambo matatu: jina lake kamili na chama chake, anachokitaka hasa, na kama anaridhia namba yake yeye mwenyewe ipelekwe kwa mama, ili mama akipenda apige yeye. Swali hili la tatu tusilisahau. Mwombaji mwenye nia njema hulikubali mara moja, na anayekataa kujulikana huku akitaka kumjua mwenziwe, huyo atutie shaka.

Kisha akaandika ujumbe. Kabla sijausoma, nitawaonyesha kwanza namna mbili ambazo wengi wetu huandika, na kasoro zake.

Namna ya kwanza ni hii: "Nimempa mtu namba yako, atakupigia." Mwandishi hudhani ameonyesha heshima kwa kutoa taarifa. Kumbe jambo limekwisha tendeka, na mwenye namba hana tena la kuamua.

Namna ya pili ni hii: "Kuna mtu anaitaka namba yako, nimpe?" Huyu ameuliza, lakini hakusema ni nani wala kwa sababu gani. Mwenye namba akijibu "mpe", ameridhia asichokijua. Akijibu "usimpe", huenda amepoteza mteja. Tena atalazimika kupiga simu kuuliza, na gharama iwe yake.

Ujumbe wa katibu yule ulikuwa hivi. Penye jina la mwombaji nasema Ndugu Fulani:

"Salaam mwanangu. Mimi Katibu wa chama, Newala. Naomba umsomee mama: Shikamoo mama. Ndugu Fulani, mwanachama wa chama jirani cha Masasi, anataka kununua miche 56 ya korosho iliyobebeshwa. Ameomba namba hii ili azungumze nawe bei na siku ya kuichukua. Sijampa. Je, waniruhusu? Nawe mwanangu, waridhia simu yako itumike? Mkipenda kupiga wenyewe, nitawapa namba yake, ameridhia. Msipopenda, semeni tu. Nangoja hadi Ijumaa; bila jibu sitampa."

Ujumbe mmoja wa simu ya kawaida hubeba herufi 160, na huu una herufi kama 440, kwa hiyo hulipiwa kama jumbe tatu. Gharama hiyo inastahili, maana kila sentensi ina kazi yake.

Tuutazame. Salamu inaanza kwa yule mwenye kushika simu, kisha inampa mama shikamoo yake. Msomaji wa kwanza si mama, na ujumbe unalijua hilo. Mwombaji ametajwa kwa jina na kwa chama, ili mama aweze kuuliza habari zake kwa watu wengine akitaka. Shauri limetajwa waziwazi. Neno "Sijampa" ni fupi, lakini ndilo linaloonyesha kwamba swali ni swali la kweli. Njia ya kukataa imewekwa pamoja na njia ya kukubali, tena bila kumtaka mtu atoe sababu. Hii ni muhimu kwetu sisi makatibu, kwa sababu mwanachama huona haya kumkatalia katibu wake, na huweza kusema ndiyo kwa heshima tu. Mwisho, siku imetajwa, na imeelezwa kwamba kunyamaza si kukubali.

Naongeza tahadhari moja. Hapa shauri lilikuwa miche, na hapakuwa na siri. Kama shauri ni deni, malipo au ugonjwa, usiandike undani wake katika simu inayosomwa na watu wawili. Andika tu: "Kuna neno lako, naomba unipigie au ufike ofisini," ukamwombe ruhusa ana kwa ana.

Ujumbe ule ulipelekwa Jumanne asubuhi. Hazikupita dakika tano, jibu likaja: "Mpe tu katibu, hamna shida." Hapa ndipo wengi wetu tungalitoa namba. Lakini katibu alijua kuwa saa ile mama yuko shambani na mwana yuko sokoni. Mama alikuwa hajasomewa neno lolote. Akajibu: "Ahsante mwanangu kwa upande wako. Nangoja neno la mama jioni." Hakumgombeza kijana wala hakumfanya aonekane amekosa. Alipokea ruhusa iliyo yake kuitoa, akaiacha nafasi ya ile nyingine.

Usiku mama alipiga mwenyewe kwa simu ya mwanawe. Alisema shauri analitaka, lakini namba isitolewe. Sababu yake ilikuwa hii: mwaka uliotangulia wateja walimpigia kijana mchana kutwa akiwa kazini, wakapatana naye bei ambayo mama hakuijua, ikazuka fitina ya nyumbani. Aliona afadhali apewe yeye namba ya yule bwana, apige jioni wakiwa wamekaa pamoja na mwanawe.

Mnaona, ndugu zangu. Mwana alisema "hamna shida" kwa nia njema, lakini shida ilikuwapo, na aliyeijua ni mama. Katibu asingeweza kuikisia hata kidogo. Mama alipiga jioni iliyofuata, akasema kweli kuwa anayo miche 40 tu iliyokwisha shika, wakapatana kwa hiyo 40, na bwana yule akaitafuta 16 iliyobaki mahali pengine.

Sasa tuseme mama angaliruhusu. Kutoa namba nako kuna utaratibu wake, na makosa yake nitayataja machache.

Kwanza, andika namba yenyewe kwa mkono wako, tarakimu kumi, na uzihesabu kabla ya kupeleka. Tarakimu moja ikikosewa, mtu asiyehusika kabisa ndiye atakayesumbuliwa. Usipige picha ya ukurasa wa daftari wala orodha ya simu yako, kwa sababu picha hiyo huchukua na majirani wa jina lile. Vile vile ukipeleka jina lote kama lilivyohifadhiwa katika simu, huenda likabeba na namba ya pili ambayo hukuombewa ruhusa.

Pili, mweleze mpokeaji simu ni ya nani. Siku hizi mtu akiingiza namba ili atume fedha kwa simu, huonyeshwa jina la aliyesajili laini. Mteja akitaka kumtumia mama arubuni ataona jina la mwana, na atashtuka kama hakuambiwa mapema. Mwambie pia kwamba ruhusa ni ya shauri hili moja, asiipeleke namba kwa mwingine.

Tatu, mjulishe mwenye namba siku hiyo hiyo: "Nimempa Ndugu Fulani namba yako kama ulivyoruhusu. Akipiga atataja jina langu na idadi ya miche." Hapo mwenye namba ana kipimo. Atakayepiga bila kuvijua hivyo viwili si yule aliyetumwa. Na yeyote atakayepiga akaomba namba ya siri, hata akivijua vyote, akatiwe simu. Namba ya mtu kama huyo hupelekwa kwa ujumbe kwenda 15040, ambako Mamlaka ya Mawasiliano hupokea taarifa za matapeli.

Ikiwa mwenye namba amekataa, mwombaji ajibiwe kwa maneno mafupi: "Nimelifikisha ombi lako. Kwa sasa haitawezekana kukupa namba. Ukiwa na ujumbe, nitaufikisha." Usimtwishe mwenye namba lawama kwa kusema "amekukataa". Wote wawili watakutana mnadani au msibani, na hakuna haja ya kupanda chuki kati yao. Na kama mwenye namba hakujibu kabisa, mkumbushe mara moja tu. Baada ya hapo mwombaji apewe jibu lile lile.

Nimeulizwa na baadhi yenu juu ya makundi ya simu, yale ya watsapu, ambayo vyama vingi vimeyaanzisha. Jibu langu ni kwamba kumwingiza mwanachama katika kundi ni kutoa namba yake kwa kila aliyemo, kwa kuwa wote huiona. Kama kundi lina watu 80, umeitoa mara 79 kwa tendo moja. Basi aulizwe kwanza kwa ujumbe wake peke yake, aambiwe kundi ni la nini na ni nani waliomo, na asiyetaka aendelee kupata habari kwa ujumbe wa kawaida au kwa tangazo la ubaoni. Ubaoni nako tubandike majina, tusibandike namba.

Nimeulizwa pia juu ya dharura. Tuseme ndugu wa mwanachama amelazwa hospitali, na mtu anaitaka namba ya nyumbani kwake usiku. Hapa hakuna muda wa kungoja hadi Ijumaa, lakini bado huna haja ya kuitoa namba. Piga wewe mwenyewe, ufikishe habari, na umpe mwanachama namba ya yule aliyeileta. Habari imefika, na namba haikutoka. Ama vyombo vya dola na wakaguzi wanaokuja kwa mujibu wa sheria, hao wana utaratibu wao wa maandishi. Katibu aombe barua, aionyeshe kwa mwenyekiti, na aihifadhi katika jalada.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kumaliza kwa pendekezo moja la kazi. Katika daftari la wanachama tuongeze safu mbili pembeni ya safu ya simu. Ya kwanza iandikwe "Simu ni ya nani", ili tuijue ile ya mwana na ile ya jirani. Ya pili iandikwe "Ruhusa", na ndani yake tuandike tarehe, aliyepewa, na shauri lenyewe. Kazi hii inaweza kuanza katika mkutano wa kwanza wa kugawa pembejeo, wakati kila mwanachama anapofika mezani kwa katibu. Aulizwe maswali mawili, na majibu yake yaandikwe mbele ya macho yake.

Mtu hufika mlangoni pa mwenziwe akapiga hodi, akangoja. Asipoitikiwa, harukii ndani kwa kuwa mlango u wazi. Nasi daftari li wazi mbele yetu kila siku, lakini walioandikwa humo ndio wenye kusema karibu.